Masharti ya Nani Yanashika?

Muuzaji akituma bei na masharti yake, mnunuzi akajibu kwa oda yenye masharti tofauti, jibu hilo kwa sheria ya Uingereza si kukubali bali ni pendekezo jipya. Mzigo ukipelekwa na kupokelewa bila neno, kwa kawaida hushika karatasi ya mwisho.

Mwaka 1969 kampuni ya Butler iliiuzia Ex-Cell-O mashine kwa pauni 75,535, karatasi yake ikiruhusu bei kupanda. Oda ya mnunuzi haikuruhusu, na chini yake palikuwa na kipande cha kukata. Butler walikisaini wakakirudisha, pamoja na barua iliyotaja bei yao ya awali. Baadaye wakadai nyongeza ya pauni 2,892. Mahakama ya Rufani iliwanyima: barua haikufua dafu mbele ya kipande kile kilichosainiwa.