Mhadhara wa Saa Moja, Karatasi Moja ya Mlangoni

Mhadhara wa usalama wa maabara una mambo mengi, na yote ya kweli. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kuna alama tisa za kemikali, koti na miwani, aina za vizima-moto, na ile kanuni kwamba asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Anayeambiwa ageuze haya yote yawe bango kwa kawaida hupunguza ukubwa wa herufi mpaka yaenee. Bango la namna hiyo husomwa na mkaguzi peke yake.

Afadhali kuanza na karatasi. Tuchukue maabara ya kemia ya shule ya sekondari mjini Voi, na karatasi ya A3, yenye upana wa sentimita 29.7 na urefu wa 42. Mtu aliye mita tatu kutoka mlangoni, tena ana wasiwasi, anahitaji herufi za kimo cha sentimita mbili hivi. Ukiacha pambizo, mstari mmoja hubeba herufi kama 20, na ukurasa hubeba mistari 12. Hiyo ndiyo bajeti yote: maneno yasiyozidi 35. Swali la kufupisha mhadhara linageuka sasa, maana huulizi tena lipi ni muhimu. Unauliza ni ajali ipi isiyoweza kungoja mtu atoke nje kutafuta msaada.

Katika maabara ya shule, ajali hiyo ni asidi au alkali kuingia jichoni. Moto una njia yake: watu hutoka, na vali kuu ya gesi huwa na kibandiko chake palepale ilipo, mahali mkono unapofika. Sumu hufungiwa kabatini, na alama yake ya fuvu ibaki kwenye kabati. Jicho ndilo linalohitaji maji ndani ya sekunde chache, na maji hayo yawe chumbani.

Hapa mhadhara husema, “Mwathiriwa aoshe jicho kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15.” Sentensi ni sahihi kitabuni, lakini mlangoni ina kasoro mbili. Kwanza, mwathiriwa hasomi. Amefumba macho, anapiga kelele, na kope zake zimejibana zenyewe. Msomaji ni mwenzake wa meza, kwa hiyo amri zote zielekezwe kwake: mshike, mlete, mfumbue.

Kasoro ya pili ni ya Voi hasa. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima kwenda Mombasa linapita upande huu, lakini mkazi yeyote wa mji anajua kwamba bomba kupita si sawa na mfereji kutoka maji. Bango linaloamuru “fungua mfereji” siku ya mgao linampotezea mtu muda ambao jicho halina. Basi tupige hesabu. Kipimo kinachotumika sana kwa vifaa vya kuoshea macho ni lita moja na nusu kwa dakika, kwa dakika 15, yaani lita 22.5. Mtungi wa lita 20, ule wa manjano wa kila siku, ungekauka baada ya dakika 13. Inahitajika mitungi miwili, kila mmoja umefungwa kibomba chini, iwekwe kwenye ukingo wa meza juu ya karai, ijazwe maji safi ya kunywa na kubadilishwa kila wiki. Maji yaliyokaa mwezi mzima kwenye joto la Voi huweza kuota mwani wa kijani, na hayo si ya kumwagia jicho lililochubuka.

Mitungi ikishawekwa, maneno hujipanga bila taabu:

ASIDI MACHONI
1. Mshike mkono.
Mlete kwenye karai.
2. Jicho hilo chini.
Mfumbue kwa vidole.
3. Fungua mtungi.
Maji dakika 15.
Mtungi 1 ukiisha,
fungua wa 2.
4. Hospitali ya Moi.
Taja jina la asidi.

Mstari wa “Jicho hilo chini” ndio niliosita kuukata, ingawa mtu angeweza kuona ni wa ziada. Kichwa kikiinama ovyo, asidi inayooshwa kutoka jicho moja hupita kwenye daraja la pua na kuingia la pili. Mhadhara huhitaji mchoro kulieleza hilo. Bango hutoa amri tu.

Magadi nimeyaacha makusudi. Kila mhadhara huyataja kwa sababu yanavunja nguvu ya asidi iliyomwagika sakafuni. Lakini mtu aliyeshtuka hasomi sentensi, hudaka nomino. Ukiandika “Usitie magadi jichoni,” kuna atakayeona magadi na jicho tu. Neno hilo likae kwenye ndoo ya kusafishia sakafu, mbali na mlango huu.

Tumeumaliza upande wa ndani wa mlango. Upande wa nje una wasomaji wengine kabisa: mfanyakazi wa usafi, mlinzi wa usiku, mzima-moto. Hawa wanataka kujua kilichomo kabla ya kushika komeo. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kubandika hapo alama zote tisa za mfumo wa Umoja wa Mataifa uliotoka mwaka 2003, zile zenye fremu nyekundu ya msimamo wa almasi. Alama hizo ni za chupa na vifungashio. Mlangoni hukaa pembetatu ya manjano yenye ukingo mweusi, ambayo maana yake ni tahadhari, na duara la buluu linaloamuru, kwa mfano kuvaa miwani. Tena alama tisa kwa pamoja hazimwonyi mtu lolote. Kwa maabara yetu pembetatu tatu zatosha: kiowevu kinachotafuna mkono, mwali wa moto kwa ajili ya ethanoli, na mtungi wa gesi. Chini yake iandikwe mtungi wa gesi uko kona ipi, kwa maana mzima-moto hilo ndilo atakalouliza kwanza, kisha nambari 999 na 112, na jina la cheo cha mwenye ufunguo. Nambari yake ya simu ikae kwenye ukanda mdogo unaobandukika, kwa sababu walimu huhamishwa.

Bango hili halinakiliki kwenda kila mlango. Taita Taveta ni nchi ya madini, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa migodi. Maabara yoyote inayoyeyusha mawe ya silikati kwa asidi hidrofloriki inahitaji hatua nyingine asidi hiyo ikigusa ngozi: kuosha kwa dakika tano hivi, kisha kusugua geli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 bila kuacha huku majeruhi akipelekwa hospitali. Asidi hiyo huzama chini ya ngozi na kuikamata kalsiamu ya mwili, na maumivu huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Anayefuata bango la shule hapo atamaliza dakika zake 15, ataona ngozi haina jeraha, na atarudi kazini.

Kabla ya kulibandika bango, mpe mwanafunzi ambaye hakuhudhuria mhadhara. Mwenzake afumbe macho kwenye meza ya nyuma, nawe tazama saa. Maji yasipoanza kutiririka ndani ya sekunde 10, mara nyingi kosa ni la mahali pa mitungi, wala si la maneno; sogeza mitungi na karai. Kisha chapisha kwa leza. Wino wa kawaida wa rangi hupauka juani, na nyekundu na manjano mara nyingi ndizo za kwanza kukimbia, hata pembetatu ya nje ikabaki mchoro mweusi usio na onyo. Andika tarehe ya kuchapisha pembeni kwa kalamu, ili anayebadilisha maji ya mitungi alikague na bango.