Watoto Wawili Kati ya Kijani na Njano

Tuchukue zahanati inayotarajia kuchanja watoto 40 kwa mwezi dozi ya tatu ya Penta. Lengo ni asilimia 90, yaani watoto 36. Kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania na Kenya, mratibu wa wilaya huweza kuipa kila zahanati rangi: kijani ikifikia 90, njano ikiwa kati ya 80 na 90, nyekundu ikiwa chini ya 80.

Mipaka hiyo haikubuniwa hewani. Mpango wa dunia wa chanjo wa 2011 hadi 2020 uliweka asilimia 90 kwa nchi na 80 kwa kila wilaya. Mpaka mzuri ni ule ambao ukivukwa, kuna mtu anayefanya jambo tofauti. Kama njano na nyekundu zote zinaishia kwenye simu ileile kwa muuguzi, rangi mbili zingetosha.

Taabu huanzia kwenye hesabu ndogo. Hapa mtoto mmoja ni asilimia 2.5. Mwezi huu wamechanjwa 36, kijani. Ujao 35, njano. Unaofuata 36, kijani tena. Hata ndani ya mwezi mmoja rangi hugeuka, kwa kuwa ukurasa wa daftari uliosahaulika umeingizwa baadaye. Mama mmoja aliyesafiri amebadilisha rangi, ilhali huduma ni ileile. Baada ya miezi michache ya kugeuka hivyo, hakuna anayeitazama tena rangi hiyo.

Dawa yake ni kutenganisha mlango wa kuingilia na wa kutokea. Zahanati iingie kijani ikifikisha 36, lakini isitolewe mpaka ishuke chini ya 34. Sasa mfuatano wa 36, 35, 36, 34, 35 unabaki kijani wote. Ikija 33 inakuwa njano, na kurudi kijani inahitaji 36. Nafasi hiyo ya watoto wawili iwe kubwa kuliko mtikisiko wa kawaida, na huo huonekana kwenye miezi 12 iliyopita. Kuingia nyekundu, kwangu mimi, kusicheleweshwe hata siku moja: ikipatikana 31, rangi ibadilike papo hapo.

Kanuni hii ina gharama. Kompyuta lazima ikumbuke rangi ya mwezi uliopita, na zahanati mbili zenye watoto 35 zinaweza kuwa na rangi tofauti, moja ikiwa inashuka na nyingine inapanda. Wasioelezwa watadhani ni upendeleo.

Jihadharini pia na kukadiria namba. Katika jumla ya wilaya, 89.6 huandikwa 90 kwenye skrini huku rangi ikiwa njano, na simu za malalamiko huanza. Onyesheni desimali moja, na kando ya kila rangi andikeni idadi ya watoto waliochanjwa na waliotarajiwa.