Sentensi Isiyoomba Pole

Jioni moja ya Septemba 2024 binti wa jirani yangu hapa Tabata aliniletea wasifu wake niupitie. Ni mhasibu. Alifanya kazi miaka sita kwa mfanyabiashara wa jumla wa vifaa vya ujenzi pale Kariakoo, kisha Machi 2022 akaacha kazi, akaenda Moshi kumuuguza mama yake aliyepatwa na kiharusi. Alirudi Dar es Salaam Agosti 2024. Alikuwa ameshatuma maombi kadhaa bila kuitwa hata mara moja, na alikuwa na hakika kwamba kinachomkwamisha ni ile miaka miwili na nusu.

Juu kabisa ya karatasi, chini ya jina na namba ya simu, ndipo panapokaa muhtasari: mistari mitatu au minne inayomweleza msomaji huyu ni nani na anataka nini. Wa kwake ulisomeka hivi:

"Mimi ni mhasibu mwaminifu na mchapakazi. Kwa bahati mbaya nililazimika kuacha kazi Machi 2022 kutokana na matatizo ya kifamilia, kwani mama yangu mzazi alipata kiharusi na mimi ndiye mtoto wa kike pekee. Naelewa kuwa nimekaa nje kwa muda mrefu lakini nipo tayari kujifunza upya na kuanza nafasi yoyote. Nitashukuru sana nikipewa nafasi."

Nilipomaliza kusoma, neno lililonitoka lilikuwa "Pole sana, mwanangu." Hapo hapo nikajua shida iko wapi. Nimekaa miaka mingi kwenye meza za kuchambua maombi ya kazi, na kipimo changu ni hicho: muhtasari ukimfanya msomaji aseme pole, umeshamtoa kwenye habari ya kazi na kumpeleka kwenye habari ya msiba. Atakuonea huruma kweli, halafu atamwita mwingine.

Tulihesabu maneno pamoja. Yalikuwa 52, na linalohusu uhasibu ni moja tu, "mhasibu". Uaminifu na uchapakazi kila mwombaji anajipa mwenyewe, kwa hiyo hayahesabiki. Mtu aliyefunga hesabu za duka la jumla kwa miezi sabini na zaidi hakusema lolote kuhusu hesabu.

Ukitaka kuelewa kosa hilo, tazama jinsi karatasi hizi zinavyosomwa. Mchambuzi mwenye maombi mia mezani hasomi kutoka juu hadi chini. Anapita kwenye muhtasari, kisha jicho linashuka kwenye miaka ya kazi. Akiona Machi 2022 na baada yake hakuna kitu, anajiuliza alikuwa wapi. Swali hilo ni jepesi, hata halina ubaya. Linakuwa zito pale lisipojibiwa, maana msomaji atajijibu mwenyewe, na mara nyingi jibu lake litakuwa baya kuliko ukweli. Kazi ya sentensi ya pengo ni kumwahi. Amekwishajua alikuwa wapi kabla hajaona tundu, basi analipita.

Kwa sababu hiyo sentensi inahitaji mambo mawili pekee: sababu na tarehe. Zaidi ya hapo ni kujitetea, na anayejitetea kabla hajashitakiwa humfanya hakimu atafute kosa.

Sisi Waswahili tuna mtihani wa ziada hapa. Tumelelewa kuandika barua ya maombi kwa unyenyekevu: naomba nafasi, nitashukuru ombi langu likifikiriwa, wako mtiifu. Katika barua adabu hiyo ina mahali pake. Tatizo ni kwamba inapanda hadi kwenye muhtasari, ambao kwa asili yake si ombi. Muhtasari ni maelezo, kama kibandiko kwenye gunia: kilo kadhaa, mchele wa Kyela. Gunia halimwombi mtu alinunue. Hata anayeandika wasifu wake kwa Kiingereza, kama waombaji wengi wa kazi za ofisini wanavyofanya, mara nyingi huwa ameutunga kichwani kwa Kiswahili, na zile "naomba" zinamfuata.

Tukaanza kufyeka. "Kwa bahati mbaya" likaondoka, kwa sababu linamwambia msomaji kuwa alichokifanya ni hasara. "Nililazimika" likaondoka pia. Linamchora mtu asiyeamua mambo yake, ilhali yeye aliamua: sheria ya ajira ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au ndugu wa karibu akifariki, lakini mzazi kuugua hakumo. Alipima, akaacha kazi. "Niliacha kazi" ni maneno ya mtu aliyesimama wima. "Matatizo ya kifamilia" nayo ni kauli ya ovyo kuliko zote, maana ndani yake yaweza kuwamo ugonjwa, ugomvi wa mirathi au kesi mahakamani. Na jina la ugonjwa halimhusu mwajiri hata kidogo.

Kilichobaki kilitaka kitenzi kimoja, na Kiswahili kinacho: kuuguza. Ukisema "niliacha kazi kumuuguza mzazi" umeeleza sababu, umeonyesha muda wake una ukomo, na hukumlilia mtu.

Vitenzi hivi vinahitaji uangalifu, kwa kuwa herufi chache hubadili kesi nzima. Nimewahi kusoma wasifu wa kijana aliyeandika "nilisimamishwa kazi 2021". Alipofika kwenye usaili tukagundua kwamba alimaanisha kampuni ilisimamisha shughuli. Ofisini kusimamishwa ni hatua ya nidhamu, na angekuwa na mchambuzi mkali asingeitwa kabisa. "Niliachishwa" nalo lina harufu hiyo. Aliyepoteza kazi kwa sababu kampuni ilipunguza watu aiweke kampuni iwe mtenda: "Nafasi yangu ilifutwa kampuni ilipofunga tawi, Juni 2023." Aliyefukuzwa kwa kosa asiliweke hilo kwenye muhtasari wala asitunge hadithi nyingine. Aache nafasi hiyo kwa ujuzi wake, na ukweli ausubirishe hadi atakapoulizwa ana kwa ana.

Nikamuuliza yule binti, "Kule Moshi ulikuwa unafanya nini mama akilala?"

"Nilikuwa namsaidia binamu yangu dukani kwake," akasema. "Vitabu, risiti za EFD, na ritani ya VAT kila mwezi."

"Mbona hukuandika?"

"Ilikuwa ya ndugu, mama. Hata mshahara hakuwa ananipa, ananipa sabuni na mchele."

Ritani ya VAT hutakiwa TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na TRA haiulizi kama aliyeiandaa alilipwa fedha au mchele. Hiyo ni kazi. Tukaandika upya:

"Mhasibu (CPA) mwenye uzoefu wa miaka 6 katika biashara ya jumla ya vifaa vya ujenzi: kufunga hesabu za mwezi, kulinganisha taarifa za benki, kuandaa ritani za VAT na PAYE. Niliacha kazi Machi 2022 kumuuguza mzazi, na katika muda huo niliandaa ritani za VAT za kila mwezi za duka moja mjini Moshi. Nimerejea Dar es Salaam Agosti 2024 na ninatafuta nafasi ya uhasibu wa kodi."

Ni maneno 64, na yanayobeba pengo lenyewe ni sita: niliacha kazi Machi 2022 kumuuguza mzazi. Yako katikati. Yakitangulia, msomaji anakutana na mtu asiye na kazi kabla hajakutana na mhasibu, na yakiwa mwisho ndiyo anayoondoka nayo. Zingatia pia "nimerejea". Kiambishi -me- kinaonyesha jambo limekwisha na matokeo yake yapo sasa, jambo ambalo "nilirudi" halisemi kwa nguvu hiyo. Mwajiri anachoogopa zaidi ni kwamba sababu iliyokutoa kazini bado ipo na itakutoa tena. Neno hilo moja linamjibu bila ahadi yoyote.

Je, asingekuwa na duka la binamu? Sentensi ingekuwa fupi zaidi, basi. "Niliacha kazi Machi 2022 kumuuguza mzazi na nimerejea Agosti 2024." Inatosha. Wengi huingiwa na hofu hapa wakajipachika cheo cha "mshauri wa kujitegemea" kuziba tundu. Swali moja la usaili linawaangusha: wateja wako watatu ni akina nani? Wengine huficha miezi na kuacha miaka mitupu, 2016 hadi 2022, ili pengo lionekane dogo. Lakini mwajiri anatakiwa kisheria kumpa anayeondoka cheti cha utumishi, na tarehe zimo. Siku utakapoombwa cheti hicho, kilichokuwa pengo tu kitageuka kuwa udanganyifu.

Si kila pengo linastahili nafasi hii. La miezi mitatu au minne kati ya kazi mbili sisi wachambuzi hatuligusi, na la mwaka 2015 lililofuatwa na kazi mfululizo limeshajijibu. Muhtasari ni wa pengo refu la karibuni, hasa lile ambalo ndilo jambo la mwisho kwenye orodha ya kazi zako. Huko chini kwenye orodha pengo lipate mstari mmoja wenye tarehe zile zile, na barua ya maombi isilirudie. Likielezwa mara tatu linaonekana kubwa mara tatu.

Tulibishana jambo moja tu. Alitaka iwe "kumuuguza mama", nami nikashikilia "mzazi", kwa kuwa "mama" linavuta moyo na tulikuwa tumehangaika sana kuutoa moyo humo ndani. Akanisikiliza kwa adabu zote, akaaga, akaenda kuchapisha nakala kumi zilizoandikwa "mama".

Mwezi uliofuata aliitwa kwenye usaili. Aliniambia mmoja wa wasaili alisoma mstari ule akainua macho: "Mama anaendeleaje?"

"Anatembea na fimbo sasa, ahsante. Mdogo wangu yuko naye."

Msaili akatikisa kichwa, akafungua ukurasa wa pili, akamwuliza angefanyaje iwapo jumla ya risiti za EFD za mwezi hailingani na mauzo yaliyomo kwenye vitabu.