Barua moja, wanafunzi kumi na wanne: jinsi ya kutengeneza kiolezo cha barua pepe

(Muziki wa kufungulia unapungua.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na dada mmoja ambaye ni katibu wa kikundi cha vijana katika makazi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Kikundi chake kina vijana 14 wanaoomba ufadhili wa masomo, na kila mmoja anahitaji barua ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu wake wa zamani. Walimu hao wametawanyika. Karibu sana, dada katibu.

KATIBU: Asante, kaka. Ninawasalimu wasikilizaji wote.

MTANGAZAJI: Kwa nini usiwaandikie walimu wote barua moja, ukaituma mara moja?

KATIBU: Jiweke kwenye nafasi ya mwalimu. Anafungua simu, anaona barua inayoanza "Mpendwa Mwalimu", haina jina lake, inamwomba amwandikie "mwanafunzi wako wa zamani". Mwanafunzi yupi? Amefundisha mamia. Ataifunga. Lakini kuandika barua 14 upya, kila moja kuanzia mwanzo, nayo ni kazi ya wiki nzima, na ukichoka unaanza kusahau mambo muhimu. Katika barua ya tano utasahau kutaja tarehe, katika ya tisa utasahau kusema barua itumwe wapi. Ndiyo maana tunatumia kiolezo.

MTANGAZAJI: Kiolezo, kwa wasiolijua neno hilo, ni kama ile karatasi ambayo fundi cherehani anaiweka juu ya kitambaa kabla ya kukata. Umbo ni lilelile, ila vipimo vya mteja ndivyo vinavyobadilika. Tusome kiolezo chenu. Wasikilizaji wenye karatasi hii mkononi mnaweza kukifuatilia.

```
Ombi la barua ya mapendekezo: ##JINA LA MAOMBI##

##SALAMU##, Mwalimu ##JINA LA MWALIMU##.

##KUMBUKUMBU##

Ninakuandikia kwa niaba ya ##JINA LA SHULENI##,
uliyemfundisha ##SOMO## mwaka ##MWAKA##.
Kwenye fomu ya maombi anaitwa ##JINA LA MAOMBI##;
tunaomba barua itumie jina hilo. Anaomba nafasi ya
kusoma ##MASOMO## katika ##MAHALI##.

Tunaomba barua ya ukurasa mmoja, itufikie kabla ya
##TAREHE YA BARUA##. Maombi yanafungwa ##TAREHE YA KUFUNGA##.

Kama hutaweza, tujibu kwa neno moja tu, nasi
tutamwomba mwalimu mwingine mapema.
```

MTANGAZAJI: Naona alama mbili kila upande wa kila pengo. Kwa nini hamkuacha nafasi tupu tu, au vistari?

KATIBU: Nafasi tupu haionekani. Macho yanairuka, hasa kwenye simu ndogo. Alama ya ## hakuna mtu anayeiandika katika barua ya kawaida, kwa hiyo ukiiona imebaki, unajua pengo halijajazwa. Na kwenye kompyuta unaweza kuitafuta: unabonyeza Ctrl na F, unaandika ##, kompyuta inakuonyesha kila mahali zilipobaki. Ikisema hakuna, mapengo yamekwisha.

MTANGAZAJI: Kuna majina mawili ya mwanafunzi mmoja. Kwa nini?

KATIBU: Hapo ndipo barua nyingi za wakimbizi zinapokwama. Shuleni uliitwa jina moja. Ulipoandikishwa ukimbizini, majina yalipangwa kwa mfuatano mwingine, au herufi moja ilibadilika, au jina la ubatizo liliongezwa. Mwalimu anakukumbuka kwa jina la kwanza, lakini wanaopokea maombi wanakufahamu kwa jina la pili. Barua ikija na jina ambalo halifanani na fomu, wanaweza kuiona ni ya mtu mwingine. Kwa hiyo jina la shuleni ni la kumkumbusha mwalimu, na jina la maombi ndilo atakaloliandika. Tunalinakili herufi kwa herufi kutoka kwenye fomu, hatuliandiki kwa kichwa.

MTANGAZAJI: Na salamu pia umeiacha wazi. Mimi ningeweka "Shikamoo" moja kwa moja.

KATIBU: (anacheka) Kwa mwalimu wa Kigoma, sawa kabisa. Lakini mwalimu wa Uvira au Bukavu, ukimwandikia "Shikamoo", anajua mara moja kwamba barua haikutoka kwa mtu wa kwao. Yeye umwambie "Jambo". Mwalimu wa Burundi huenda mwanafunzi anataka kumwambia "Amahoro". Neno hilo moja linamwambia msomaji kama unamfahamu au humfahamu, kwa hiyo ninamwuliza mwanafunzi: ukikutana naye barabarani, ungemsalimu vipi? Jibu lake ndilo ninaloandika.

MTANGAZAJI: Tuje kwenye pengo la kumbukumbu. Mimi naliona kama ndilo zito kuliko yote.

KATIBU: Ndilo. Mapengo mengine unayajaza kutoka kwenye karatasi, hili huwezi bila kukaa na mwanafunzi. Ninamwuliza swali moja: mwalimu huyu atakukumbuka kwa jambo gani? Karibu wote wanajibu kwanza, "Alitufundisha vizuri sana." Siandiki hilo. Ninasubiri.

MTANGAZAJI: Kwa nini? Si kweli?

KATIBU: Ni kweli, lakini sentensi hiyo ningeweza kuiweka katika barua zote 14 bila kubadilisha neno. Hicho ndicho kipimo changu. Sentensi inayoweza kwenda kwa mwalimu mwingine jinsi ilivyo haijamfikia mwalimu huyu. Tuchukue mfano wa msichana mmoja, tumwite Furaha. Alipofikiri kidogo, alisema upepo uliwahi kung'oa bati la darasa lao, na mwalimu akaendelea na somo la kemia chini ya mwembe, akichora kwenye mlango uliokuwa umeanguka. Hiyo sasa ni ya mwalimu mmoja tu duniani.

MTANGAZAJI: Tusikie barua ya Furaha ilivyokuwa baada ya kujazwa. Wasikilizaji, majina tumeyabuni.

KATIBU: "Jambo, Mwalimu Byamungu. Furaha bado anaizungumzia siku upepo ulipong'oa bati la darasa, ukaendelea na kemia chini ya mwembe, ukichora kwenye mlango. Ninakuandikia kwa niaba ya Furaha Nabintu, uliyemfundisha kemia mwaka 2019. Kwenye fomu ya maombi anaitwa Nabintu Furaha Chantal. Tunaomba barua itumie jina hilo. Anaomba nafasi ya kusoma uuguzi katika chuo kikuu kimoja mjini Kampala. Tunaomba barua ya ukurasa mmoja, itufikie kabla ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2026. Maombi yanafungwa Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026."

MTANGAZAJI: Tarehe mbili, na zimepishana wiki mbili.

KATIBU: Ya kwanza tunaihesabu kwa kurudi nyuma kutoka ile ya kufunga. Mtandao unaweza kukatika, mwalimu anaweza kusahau kutia sahihi, au barua ikaja na jina la zamani. Wiki mbili zinatosha kuirudisha na kuipata tena. Halafu tunaandika siku, tarehe, mwezi kwa maneno, na mwaka. Ukiandika 03/04, mmoja atasoma tarehe 3 Aprili, mwingine tarehe 4 Machi. Na "Ijumaa ijayo" hatuandiki kabisa, maana mwalimu anaweza kuifungua barua baada ya siku tisa, na Ijumaa aliyonayo yeye siyo uliyokusudia wewe.

MTANGAZAJI: Saa je? Fomu nyingi zinasema maombi yanafungwa 23:59.

KATIBU: Hiyo ni saa ya kizungu, yaani saa tano na dakika 59 usiku kwa hesabu yetu. Na huenda ni saa ya nchi nyingine. Sisi katika kiolezo hatutaji saa. Tunataja tarehe tu, na tunaweka tarehe ya mapema.

MTANGAZAJI: Kuna jambo la lugha nililoligundua niliposoma kiolezo hiki. Kiswahili kina ngeli. Ukiacha pengo mahali pa jina la kitu, maneno yanayofuata yanaweza kukataa kulingana nalo.

KATIBU: Ndiyo. Zamani kulikuwa na sentensi "##MAHALI## inafunga maombi". Ukijaza "shule", sawa. Ukijaza "chuo", inatakiwa "kinafunga". Barua inasikika kama imeandikwa na mashine. Kwa hiyo tuliigeuza sentensi: "Maombi yanafungwa". Kitenzi kinafuata "maombi", ambayo hayabadiliki, na pengo limekaa mahali pasipoamrisha neno lingine. Kiswahili kinatusaidia upande mwingine, kwani "mwalimu" na "anaomba" ni sawa kwa mwanamume na mwanamke. Lakini mwalimu mmoja akiwa na wanafunzi wawili, sijazi kiolezo hiki. Nina kingine cha wingi.

MTANGAZAJI: Mnakihifadhi wapi?

KATIBU: Kwenye kompyuta ya kituo, Gmail ina mahali pake. Unafungua Settings, kisha See all settings, kisha Advanced. Pale penye Templates unachagua Enable, halafu Save Changes. Baada ya hapo unaandika kiolezo katika barua mpya, unabonyeza vile vidoti vitatu chini yake, unachagua Templates, kisha Save draft as template. Siku nyingine unakiita kwa njia hiyohiyo.

MTANGAZAJI: Na mwenye simu tu?

KATIBU: Programu ya Gmail ya simu haina kitu hicho. Usikiweke kwenye rasimu, kwa sababu siku utakayoituma rasimu hiyo, kiolezo kimeondoka nayo. Jitumie mwenyewe kwa barua pepe, kichwa kiwe "KIOLEZO". Barua iliyokwisha kufika haibadiliki. Kila mara unainakili kutoka hapo na kuibandika katika barua mpya.

MTANGAZAJI: Wengine huchukua barua ya jana, wakafuta jina na kuweka jingine. Ni haraka zaidi.

KATIBU: Ni haraka, na ndiyo inayopeleka jina la Furaha katika barua ya mwenzake. Barua ya jana haina alama za ## tena, hakuna kinachokuonya. Anza na kiolezo kila mara. Na anwani ya mwalimu iweke mwisho kabisa, baada ya kuisoma barua kwa sauti mbele ya mwanafunzi mwenyewe. Barua isiyo na anwani haiwezi kuondoka kwa kidole kilichoteleza.

MTANGAZAJI: Sikuona jina la kambi popote.

KATIBU: Hutaliona, wala namba ya kadi ya ukimbizi. Mwalimu hazihitaji ili aandike barua. Baadhi ya vijana hawataki watu wa kule walikotoka wajue wako wapi, na barua pepe ni rahisi kupelekwa kwa mwingine. Mwanafunzi akitaka mwalimu ajue, tunaongeza sentensi kwa mkono. Haimo katika kiolezo, ili isije ikaenda yenyewe.

MTANGAZAJI: Na mwalimu asipojibu?

KATIBU: Baada ya siku saba ninajibu juu ya barua ileile, mistari miwili tu, tarehe ikiwa ndani. Kumbukumbu ya mwembe sirudii. Zikipita siku nyingine tatu kimya, tunamwomba mwalimu wa pili, na kwa huyo kumbukumbu inatafutwa upya.

(Muziki.)