Kutoka Mada Pana hadi Swali la Utafiti: Mfano wa Kiswahili katika Masoko ya Busia na Tororo

Mwanafunzi wa uzamili anayependekeza mada "Kiswahili katika mpaka wa Uganda na Kenya" ametaja eneo la kupendeza, lakini bado hajauliza chochote. Makala haya yanafuatilia mada hiyo mpaka izae swali na malengo.

Hatua ya kwanza si maktaba bali ni jambo moja linalotatiza. Tuseme mwanafunzi amesikia katika soko la Busia wauzaji wawili, mmoja wa upande wa Uganda na mwingine wa Kenya, wakijuliana hali kwa Kisamia, kisha wakataja bei kwa Kiswahili. Kisamia huzungumzwa pande zote mbili za mpaka. Haja ya lugha ya tatu basi inatoka wapi? Maelezo ya kawaida kwamba Kiswahili huunganisha wasioelewana hayatoshi hapa.

Hatua ya pili ni kupunguza: wazungumzaji gani, katika shughuli gani, mahali gani. Tororo inasaidia kwa kuwa Dhopadhola, tofauti na Kisamia, haina jamii kubwa ya wazungumzaji ng'ambo ya mpaka. Mjopadhola anayeuziana na Mteso wa Kenya huko Malaba huenda akahitaji Kiswahili ili aeleweke tu. Jozi hizo mbili zinatenganisha haja ya kueleweka na sababu nyinginezo. Mafungu yanayosomwa sasa yana kazi ya wazi: kuonyesha kama ulinganisho huo umekwisha kufanywa.

Swali linaweza kuwa hivi: *Wauzaji wenye lugha ya kwanza moja hubadili kwenda Kiswahili katika hatua ipi ya mapatano ya bei, na kwa sababu gani, wakilinganishwa na wasio na lugha hiyo ya pamoja?* Kipimo chake ni kama jibu laweza kumshangaza mwulizaji. Huenda jozi zote mbili zikabadili mahali pamoja. Matokeo hayo yatadhoofisha dhana ya awali, na ndiyo thamani yake. Swali la "Je, Kiswahili kina umuhimu mpakani?" halina hatari hiyo.

Malengo mahususi hufuata vipande vya swali: kubainisha hatua za mapatano ambapo lugha hubadilika; kulinganisha mabadiliko hayo katika jozi hizo mbili; kueleza sababu zinazotolewa na wauzaji wenyewe. Kila lengo liandikiwe data yake pembeni. Mawili ya kwanza yanadai rekodi za mazungumzo, la tatu usaili baada ya mauzo. Lengo lisilo na data lifutwe, likiwemo lile lipendwalo mno la "kutoa mapendekezo kwa serikali". Mapendekezo ni zao la matokeo, hayachunguzwi.

Mwisho swali lirudishwe sokoni kwa siku chache. Biashara nyingi ndogo za mpakani hupita nje ya forodha, na mwenye kinasasauti hudhaniwa kwa urahisi kuwa mtoza ushuru. Wauzaji wakikataa kurekodiwa, lengo la kwanza libadilishwe liwe la ushuhudiaji na kuandika papo hapo, na neno "hatua" lipunguzwe hadi yale ambayo sikio moja linaweza kuyanasa: salamu, bei ya kwanza, bei ya mwisho.