Kopo jekundu si mfuko wa chembe

Boksi lilifika Kariakoo limefungwa kwa utepe wa kahawia tabaka tatu, limesafiri na mzigo wa viatu vya mtu mwingine kutoka Guangzhou. Nilikata utepe kwa wembe mama akiwa ameshachemsha maji. Ndani mlikuwa na makopo kumi na mawili mekundu. Sita yameandikwa hivi, sita vile, yote ya maji matamu. Mama, ambaye ana kisukari, alilishika moja, akalitikisa, akauliza: "Hii si soda?"

Ilikuwa kama soda, na kosa lilikuwa langu. Nilimtumia shoga yangu aliyeko kule ujumbe wa simu wa mstari mmoja: niletee ile chai ya mitishamba, Wanglaoji. Nikadhani jina linatosha.

Chai yenyewe niliionja safari yangu ya kununua bidhaa. Wiki nzima nilikuwa nakula vya kukaanga vya barabarani pale Xiaobei, mtaa wanakofikia wafanyabiashara wengi wa kutoka Afrika. Koo likaniwaka, mdomo ukatoka vidonda. Mama mwenye nyumba ya wageni alinitazama, akachana mfuko mdogo, akamimina chembe za rangi ya kahawia kwenye bilauri na kuzikoroga kwa maji moto. Uchungu wake ulikuwa wa mzizi, na utamu ukaja nyuma yake. Koo lilipoa siku ya pili. Huenda lingepoa lenyewe, lakini tangu hapo nikawa na hamu ya ile bilauri.

Wachina wa mkoa wa Guangdong huiita liangcha. Hilo "cha" ni neno lile lile lililosafiri nchi kavu kupitia Uajemi hadi likawa chai kwetu. "Liang" ni baridi. Hata hivyo ndani yake hamna jani la chai hata moja, ni mizizi, majani na maua ya mwituni yaliyochemshwa. Wala ubaridi wake si wa barafu, kwa kuwa asili yake hunywewa ya moto au ya vuguvugu. Kule mji una joto na unyevu, nao huamini kwamba vya kukaanga, pilipili na kukesha huupandisha moto wa mwili, ukatokea kwenye koo, fizi na mdomo. Dawa ya hali hiyo ni kinywaji cha kupooza. Mtu aliyelelewa pwani hahitaji kufasiriwa, maana bibi zetu nao waligawa vyakula vya hari na vyakula vya baridi.

Katika miji ya Guangdong na Hong Kong bado yapo maduka ya mitaani yanayouza liangcha kwa bakuli, mengine yana birika kubwa la shaba lenye umbo la kibuyu mbele ya duka. Kila duka lina fungu lake la mimea, na mwaka 2006 China iliiingiza sanaa hiyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ndiyo maana ukimwambia mtu akutafutie "chai ya mitishamba ya Guangzhou" hujamwambia kitu. Ni sawa na kumwagiza mtu Tanga akuletee "achari".

Nami niliitaja chapa. Taabu ni kwamba jina hilo lina watoto wengi. Wanglaoji inahesabu umri wake tangu mwaka 1828, na mwanzilishi ni tabibu wa Guangdong, Wang Zebang. Wazungumzaji wa Kikantoni hulitamka Wong Lo Kat. Baada ya Wakomunisti kushika nchi mwaka 1949, jina liligawanyika: tawi la bara likawa mali ya serikali, na ukoo ukabaki na lake Hong Kong.

Miaka ya 1990 kampuni ya dola ya Guangzhou ilimkodisha jina mfanyabiashara wa Hong Kong, naye akaitia chai ile sukari na kuiweka kwenye kopo jekundu. Ikauzika kuliko alivyotarajia yeyote. Wakati huo kampuni ya dola yenyewe ilikuwa ikiuza kinywaji kama hicho katika pakiti ya kijani. Mwaka 2012 baraza la usuluhishi la Beijing liliamua kwamba mpangaji arudishe jina. Akalirudisha, akaita kinywaji chake Jiaduobao, ila kopo jekundu hakuliacha. Mwenye jina naye akatoa kopo jekundu. Wakashitakiana hadi Mahakama ya Juu ya Watu, ambayo mwaka 2017 iliwaruhusu wote wawili kulitumia.

Basi ndiyo siri ya boksi langu. Shoga yangu aliingia dukani, akaona makopo mekundu ya namna mbili yanayofanana kama mapacha, akachukua sita sita asije akakosea. Mtu mwenye akili hufanya hivyo akiagizwa kijinga.

Kilichonipeleka kwenye kalamu si kopo lipi kati ya hayo mawili. Yote mawili siyo. Mfuko ule wa chembe ni bidhaa nyingine kabisa. Kinywaji cha kopo ni chakula: kwenye orodha ya viambato maji ni ya kwanza na sukari ni ya pili, kisha yanakuja maua, majani na urukususu. Chembe zinasajiliwa kama dawa inayouzwa bila cheti cha daktari, na fungu lake la mimea ni jingine. Majani ya buzhaye yamo kotekote, lakini sehemu kubwa ya vilivyobaki havifanani. Kwa hiyo aliyeonja chembe akapelekewa kopo hana haki ya kusema ladha imeharibika siku hizi.

Nilikaa mezani nikaandika barua ya kweli, ya kurasa mbili, nikaipiga picha na kumpelekea. Sehemu yenye kazi ilikuwa hii:

"Mwenzangu, salaam sana. Makopo yamefika salama, ahsante, na makosa ni yangu. Ninachotaka hakiko supamaketi. Nenda duka la dawa, lile lenye msalaba wa kijani. Usiseme chai, sema Wanglaoji keli. Keli ni chembe.

"Kabla hujalipa, tazama jina. Ni herufi tatu. Ya kwanza ni mistari mitatu ya kulala, na mmoja wa kusimama unapita katikati bila kutokeza juu wala chini. Ya tatu ina kiboksi kidogo chini yake. Kama herufi ya kwanza ina kiboksi upande wa kulia, hiyo ni Jiaduobao, iache.

"Halafu tafuta namba ya usajili. Dawa ya asili ya Kichina ina herufi Z ikifuatwa na tarakimu nane. Ukiona SC na mlolongo mrefu wa tarakimu kumi na nne, hicho ni chakula, hata kama ni unga na jina ni lile lile. Usichukue.

"Mwisho, uzito wa kila mfuko. Upo wa 10g na wa 2g. Ule wa 10g umejaa sukari. Mimi nataka wa 2g kwa sababu ya mama. Kama upo wa 10g peke yake, niletee paketi moja ya kwangu tu, uniambie mapema ili nisimtie mama hamu. Tarehe wao huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Nataka iwe na mwaka mzima mbele. Usizitoe kwenye paketi zake ili kupunguza mzigo. Unga wa kahawia kwenye mfuko usio na maandishi utatuletea maswali bandarini, na watakuwa na haki."

Kipande cha uzito ndicho ninachokipenda zaidi. Mtu asiyesoma Kichina hawezi kutafuta maneno "bila sukari", lakini 2 na 10 anazisoma. Dawa iliyomo ni ile ile. Gramu nane za tofauti ni za utamu. Kadhalika Z na SC ni herufi anazozijua. Barua nzima niliijenga juu ya vitu ambavyo macho yake yanaweza kuvikamata akiwa amesimama mbele ya rafu na muuzaji anamwangalia.

Alijibu baada ya siku nne kwa picha: kiganja chake na paketi. Niliikuza. Mistari mitatu, mmoja wa kusimama. Pembeni, herufi OTC ndani ya duara bapa, alama ambayo China huweka kwenye dawa zisizohitaji cheti. Z ipo, tarakimu nane nikazihesabu kwa ncha ya kalamu. Nikamwandikia "hiyo hiyo". Yeye akajibu kwamba duka la kwanza walimpa za 10g, la pili walimpa dawa ya mafua ya kampuni nyingine wakisema kazi ni moja, na la tatu ndilo lililokuwa nazo. Asingekuwa na ile 2g kichwani angetoka duka la kwanza akiwa ameridhika.

Kabla mama hajainywa nilimpelekea mfamasia wake paketi. Chai hii hata kwao ina mipaka: wazee wa Guangdong huwakataza wajawazito na watu ambao tumbo lao hupata baridi upesi, na hainywewi kila siku kama maji. Inapokewa mwili ukiwa na moto, kisha inaachwa. Maelezo ya paketi yanasema mfuko mmoja kwa maji moto, mara moja au mbili kwa siku. Koo linalouma pamoja na homa kali, au kidonda cha mdomoni kinachopita wiki mbili, hakiponi kwa liangcha. Hicho ni cha kuonwa hospitali. Nalo kopo lina lake la kuangaliwa zaidi ya sukari, maana urukususu ukizidi hupandisha presha.

Mama alikunywa bilauri moja, akakunja uso. "Chungu," alisema, "lakini ndiyo dawa." Za 2g hazina ule utamu wa nyuma nilioukumbuka, hilo sikulifikiria wakati naandika. Paketi iko kabatini karibu na mdalasini.

Makopo tuliyatia kwenye friji. Watoto waliyamaliza siku ya Idi, na hakuna aliyetambua kwamba yalikuwa ya kampuni mbili.