Mteja akiuliza "kikaango kipi kinababua nyama vizuri?", mjibu hivi

Leo nawaletea ninyi mnaouza vyombo vya jikoni mtandaoni, hasa vikaango, au frampeni kama wengi tunavyoviita. Mimi nauza aina tatu: chuma cha kusubu, yaani kile kizito kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, stili ya kaboni, ile inayokatwa kwenye bamba na kukandamizwa iwe na umbo, na alumini nyepesi, ile inayong'aa ambayo unainyanyua kwa kidole kimoja. Picha zake zikiwa pembeni kwa pembeni, mteja anaona bei tu. Halafu anachukua ya bei nafuu, anarudi nayo baada ya wiki anasema nyama inatoa maji haipigi rangi. Hapo unarudisha hela, unalipa bodaboda mara mbili, na chombo tayari kimeshaungua chini.

Kwa hiyo tuelewe kwanza kinachotokea jikoni. Ukishaelewa hilo, maelezo ya bidhaa utayaandika mwenyewe.

Kubabua nyama ni kuiweka kwenye kikaango kilichoshika moto mkali, mafuta kidogo, unaiacha bila kuigusagusa mpaka upande wa chini uwe wa kahawia. Ile rangi, pamoja na ladha yake, huanza kuja kwa kasi pale uso wa nyama unapofika nyuzi 140 hivi na kuendelea. Tatizo ni maji. Uso wa nyama ukiwa umelowa, hauwezi kupita nyuzi 100 mpaka yale maji yaishe kugeuka mvuke, na kugeuza maji kuwa mvuke kunakula moto mwingi sana. Ndiyo maana kikaango kinachobabua vizuri ni kile chenye akiba ya kutosha ya moto ndani yake kabla nyama haijagusa. Jiko linaendelea kuongeza moto kutoka chini, ni kweli, lakini zile sekunde za mwanzo kinachofanya kazi kubwa ni akiba.

Sasa akiba hiyo inatoka wapi? Hapa wauzaji wengi husema "chuma kinatunza moto, alumini haitunzi". Si kweli kivile. Ukichukua kilo moja ya alumini na kilo moja ya chuma, ukazipasha hadi joto lilelile, alumini ndiyo inayobeba moto mwingi, karibu mara mbili. Siri iko kwenye uzito wa chombo chenyewe. Alumini ni nyepesi kwa asili, na kikaango chembamba kina alumini kidogo mno.

Tupige hesabu ya vikaango vitatu vya sentimita 26. Cha kusubu kina kilo 2.4, cha stili ya kaboni kilo 1.6, cha alumini nyepesi gramu 400. Kupandisha joto kwa nyuzi moja tu, cha kusubu kinahitaji kilojuli 1.08, cha stili 0.72, na cha alumini 0.36. Yaani akiba zao ni kama tatu, mbili, moja. Wala huhitaji kukumbuka kilojuli. Kumbuka tatu, mbili, moja.

Vyote vitatu vipashe mpaka nyuzi 220, halafu weka kipande cha nyama kilichotoka kuoshwa, kina maji kama gramu 10 juu yake. Hiyo ni vijiko viwili vya chai, wala si mengi. Kuyapasha na kuyageuza mvuke maji hayo yote kunakula karibu kilojuli 26. Kama moto huo wote ungetoka kwenye akiba ya kikaango, cha kusubu kingeshuka mpaka nyuzi 196, cha stili mpaka 184, na cha alumini mpaka 148. Na hapo hatujahesabu ubaridi wa nyama yenyewe, wala maji mengine yanayoendelea kutoka ndani yake.

Umeona? Viwili vya kwanza bado vina nguvu ya kukausha na kupiga rangi. Cha tatu kimebaki ukingoni. Maji yakiendelea kutoka, hayakauki upesi, yanatuama chini ya nyama, na sasa unachemsha. Mteja atakuambia "nyama imekuwa ya kijivu". Dalili nyingine ni sauti: nyama ikiingia hulia kwa nguvu, halafu baada ya sekunde chache mlio unalegea na kuwa wa kutokota. Mlio ukilegea hivyo, ujue akiba imeisha.

Hiyo ndiyo habari ya kutunza moto. Kusambaza moto ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo chuma kinapopata aibu.

Moto unasafiri ndani ya alumini haraka zaidi ya mara tatu kuliko ndani ya chuma. Chuma cha kusubu kikiwekwa kwenye jiko la gesi lenye bana ndogo, katikati panaiva moto wakati pembeni bado pamepoa. Stili ya kaboni ina ugonjwa huohuo, tena mara nyingi zaidi, kwa sababu ni nyembamba kuliko cha kusubu, kwa hiyo njia ya moto kwenda pembeni ni finyu zaidi. Alumini, hata ikiwa nyembamba, inajitahidi kusambaza. Lakini wembamba wake nao unaipunguzia, na ikipata moto mkali kitako chake hupinda. Kikishapinda, mafuta yanakimbilia upande mmoja na nyama inagusa sehemu tu.

Unataka kuona kwa macho? Tumia unga wa ngano. Nyunyiza unga mkavu, tabaka jembamba lililo sawa, kwenye kikaango kikavu kisicho na mafuta, weka kwenye moto wa wastani usikitikise. Unga utaanza kuwa kahawia pale penye joto zaidi. Kwenye chuma juu ya bana ndogo utaona duara la kahawia katikati na weupe pembeni. Mimi hurekodi video ya jaribio hili kwa simu, vikaango viwili, jiko lilelile. Mteja akiiona haulizi maswali mengi. Ila toa kikaango kabla unga haujaungua, na ufungue dirisha.

Tahadhari kwa wanaopenda kurekodi na kile kipimajoto cha bunduki. Kwenye chuma cheusi kinasoma vizuri tu. Kwenye alumini inayong'aa kinadanganya, kinaonyesha joto dogo kuliko lililopo, kwa sababu chombo kinachong'aa hutoa mionzi kidogo ya joto. Ukiposti video kama hiyo, mtu anayejua atakuumbua.

Ugonjwa wa chuma kutosambaza moto una dawa, na dawa hiyo ndiyo unayotakiwa kumpa mteja pamoja na kikaango. Apashe polepole. Moto wa wastani, dakika nane hadi kumi kwa cha kusubu, tano hivi kwa stili, huku akikizungusha kila baada ya dakika mbili ili bana iguse sehemu tofauti. Ndipo aongeze moto, atie mafuta, na aweke nyama aliyoifuta maji kwa kitambaa safi. Tone la maji likidondoshwa kabla ya mafuta linatakiwa kujikunja na kukimbia juu ya chuma. Likitandazika na kutokota, bado. Anayepika kwa jiko la mkaa lililojaa vizuri ana nafuu, maana moto unagusa karibu kitako chote.

Nilikuwa na mteja mmoja, mama anayepika chakula cha mchana na kupeleka maofisini, steki za ng'ombe karibu 20 kwa siku. Alitaka kile cha alumini kwa sababu kinawahi kupata moto. Nikamuuliza maswali matatu: unatumia jiko gani, unaweka vipande vingapi kwa mkupuo, na mkono wako unaweza kunyanyua kilo mbili na nusu? Akasema gesi ya bana kubwa, vipande viwili, na mkono unamsumbua. Nikampa stili ya kaboni. Hesabu yake ni hii: akiba mara mbili ya alumini, uzito theluthi mbili ya cha kusubu, na kinapata moto mapema kuliko cha kusubu, kwa kuwa kina chuma kichache cha kupasha. Kwa mtu anayepika kila siku hilo lina maana kubwa. Angekuwa anababua kipande kimoja kinene nyumbani siku ya Jumapili, ningempa cha kusubu bila kusita.

Na alumini nyepesi je, tuitupe? Hapana. Inapata moto upesi, inapoa upesi ukipunguza gesi, na kwa mchuzi, mboga au kupasha chakula inafaa sana. Mteja akishainunua na anataka kubabua, mwambie aweke kipande kimoja chembamba, akikaushe vizuri, asubiri kikaango kirudi kwenye moto kabla ya kuweka kingine. Itawezekana, ila polepole.

Kwenye posti zako andika vitu vitatu ambavyo wengi hawaandiki: uzito kwa mizani, unene wa kitako, na upana wa kitako chenyewe, siyo wa mdomo. Uzito ndio unaoonyesha akiba. Upana wa kitako mteja ataulinganisha na bana yake. Mfano wa maneno ninayotumia:

"Kikaango cha chuma cha kusubu, sm 26, kilo 2.4. Kinatunza moto sana, kizuri kwa steki na samaki mzima. Kipashwe polepole dakika 8 hadi 10 kabla ya kutumia. Ni kizito. Kifutwe kikavu na kupakwa mafuta kidogo baada ya kuoshwa, la sivyo kinashika kutu. Kisimwagiwe maji baridi kikiwa cha moto, kinaweza kupasuka."

Hilo la kupasuka linakuhusu na wewe kwenye usafirishaji. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakipindi. Kikianguka kwenye sakafu ya saruji kinaweza kuvunjika mpini au kupata ufa. Kifunge kwa maboksi mawili, mpini uzungushiwe karatasi nene. Mteja akikipokea, mwambie akigonge kwa kijiko mbele ya bodaboda. Kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa kinatoa mlio mfu, na hicho kirudi hapohapo kabla hajalipa.